Meneja mpya: jinsi ya kumwachia mtu kazi ya kufunga hesabu bila kuirudia mwenyewe usiku

Kila nikiongea na mameneja wapya wa maduka wananiambia kitu kile kile, kwamba wamejaribu kugawa kazi na imeshindikana, wakaamua bora wafanye wenyewe maana ni haraka zaidi. Ukiwauliza waligawaje, wanakuambia "nilimwambia afunge hesabu, akaharibu, nikachukua." Hapo kilichofanyika ni kumtupia mtu kazi, alafu kumnyang'anya.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati, rangi, misumari. Kuna wauzaji wawili wanaoandika oda, keshia mmoja, mtunza stoo, na vijana wa kupakia. Wewe ulikuwa muuzaji hodari, sasa hivi umepewa umeneja, na kila jioni unakaa na kalkuleta kufunga hesabu wakati wenzako wameshafika nyumbani. Kazi tutakayoiachia ni hiyo hiyo ya jioni.

Kama duka lako ni famasi au mini supamaketi badilisha majina tu, njia haibadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari moja aina ya kaunta buku, la kazi hii tu. Sio lile la madeni.
- Karatasi ngumu moja ya kuandika hatua, itakayobandikwa ukutani sehemu ya kufungia hesabu.
- Akaunti yake mwenyewe kwenye mfumo wa mauzo kama mnatumia kompyuta. Usimpe neno lako la siri, hata kwa siku moja.
- Njia ya yeye kuona miamala ya lipa namba bila kuwa na uwezo wa kutoa hela. Kama simu yenu haina njia hiyo, wewe ndo utamtumia orodha ya siku kila jioni.
- Bahasha za kuwekea hela zilizohesabiwa, na stepla.
- Ruhusa ya mwenye duka. Hii watu wanairuka alafu inawaumbua, kwasababu siku mwenye mali akapiga simu saa moja usiku akasikia mtu mwingine ndo anahesabu hela zake, kazi inarudi kwako palepale.
- Wiki nne ambazo huna safari wala stoktekingi. Usianze mwisho wa mwezi.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya huo uharaka

Kwanza tukubaliane, wewe ni haraka zaidi kweli. Leo. Shida ni kwamba unalinganisha jioni moja na jioni moja, wakati kazi yenyewe inarudi kila siku.

Chukua saa, pima jioni tatu unatumia muda gani. Tuseme ni dakika 40, na duka linafunguliwa siku 6, basi kwa wiki ni dakika 240, yaani saa 4 kamili.

Sasa weka makadirio ya kufundisha. Wiki ya kwanza mnakaa wote wawili na unaelezea, dakika 70 kila jioni, jumla 420. Wiki ya pili anafanya yeye wewe unaangalia, dakika 50, jumla 300. Wiki ya tatu unakagua tu, dakika 20, jumla 120. Wiki ya nne dakika 10, jumla 60.

Ukijumlisha zote nne ni dakika 900. Ungefanya mwenyewe wiki hizo hizo ungetumia 960. Kwahiyo mwisho wa wiki ya nne umeshavuka, na kuanzia hapo unaokoa saa 3 kila wiki.

Ila angalia katikati. Mwisho wa wiki ya pili umeshatumia 720 badala ya 480, yaani upo nyuma saa 4 nzima, umechoka, na yeye bado anakosea. Ndo maana wengi wanaacha wiki ya pili. Wanaacha sehemu ambayo gharama yote imeshalipwa na faida haijaanza kuingia. Andika namba zako mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, utazihitaji siku hiyo.

Onyo: hesabu hii inafanya kazi kwa kitu kinachojirudia. Kazi inayokuja mara moja kwa mwaka, kama kujaza fomu ya kuhuisha leseni, ifanye tu mwenyewe, hapo huo uharaka wako ni halali kabisa.

Umefanikiwa kama: una namba tatu zimeandikwa, dakika zako kwa wiki, dakika za kufundisha, na wiki utakayovuka.

## Hatua ya 2: Chagua mtu kwa kuangalia hela zinapita kwa nani

Wengi wanamchagua keshia, kwasababu yupo karibu na hela na anajua mashine. Hapana. Keshia ndo anapokea hela, akiwa yeye yeye ndo anasema hela zimetimia basi hakuna aliyekagua. Hata kama ni mwaminifu kupita kiasi, siku zikipungua hana wa kumtetea, na hiyo sio haki kwake.

Mtunza stoo pia mwache, maana yeye anashika mali.

Kwenye duka letu anabaki muuzaji mmoja kati ya wale wawili. Anaandika oda, hashiki hela, hatoi mzigo. Udhaifu upo, anaweza kucheza na oda zake mwenyewe, lakini huo tutauziba hatua ya 7.

Sasa yupi kati ya wawili? Sio lazima yule anayeuza sana. Chukua vitabu vyao vya oda vya mwezi uliopita, vipitie. Tafuta yule ambaye akikosea anapiga mstari mmoja anaandika upya pembeni, jumla zake zinasomeka, jina la mteja halijakatwa katikati. Mtu anayefuta kwa kupaka wino mpaka karatasi inatoboka atakusumbua, hata kama anachangamka kaunta.

Alafu suala la muda. Huyu mtu anafanya kazi tangu asubuhi. Ukimwongezea kazi ya jioni juu ya siku nzima, utamwona anaifanya kwa hasira. Mtoe kaunta mapema, muuzaji mwenzake abaki na wateja wa mwisho. Na kama itapitiliza saa zake za kawaida, kwa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inataka ovataimu ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa, kwahiyo liongeeni na mwenye duka kabla sio baada.

## Hatua ya 3: Itoe kazi kichwani uiweke kwenye karatasi

Hii ndo hatua nzito na ndo inayorukwa na karibu kila mtu, kwahiyo tutakaa hapa kidogo.

Ukiulizwa unafungaje hesabu utasema "natoa ripoti ya Z, nahesabu hela, nalinganisha." Hiyo ni sehemu ndogo ya unachofanya. Mengine unayafanya bila kujua kwamba unayafanya, kwa mfano unakumbuka kwamba asubuhi kuna fundi alilipa deni, unajua kijana alipewa nauli kutoka kwenye droo, unajua daftari la lipa namba la keshia huwa linasahau muamala. Mwenzako hayajui hayo. Akikosea unasema hana akili, kumbe umemnyima nusu ya kazi.

Njia ya kuyatoa ni hii: jioni moja fanya kazi yako kama kawaida, lakini kila mkono wako ukigusa kitu, simama uandike umegusa nini na umeangalia nini. Kila ukijibu swali kichwani, andika swali lenyewe. Jioni hiyo utachelewa, vumilia.

Karatasi ya duka letu ilitoka hivi:

1. Toa ripoti ya Z kwenye mashine ya EFD. Andika jumla ya mauzo.
2. Andika chenji ya kuanzia iliyoachwa asubuhi.
3. Fungua orodha ya miamala ya lipa namba kwenye simu, jumlisha ya leo. Usitumie daftari la keshia.
4. Andika malipo ya leo yaliyoingia benki moja kwa moja, kwa kuangalia meseji za benki.
5. Andika mauzo ya mkopo ya leo. Kila mkopo lazima uwe na sahihi ya meneja.
6. Andika madeni ya zamani yaliyolipwa leo, iwe kwa keshi, lipa namba au benki. Haya hayamo kwenye Z ya leo, risiti yake ilishatoka siku mzigo ulipochukuliwa.
7. Andika hela iliyotoka kwenye droo kwa matumizi, kila moja na vocha yake.
8. Piga hesabu ya keshi inayotakiwa kuwepo.
9. Hesabu keshi, keshia akiwepo, wote mnaona.
10. Andika tofauti. Wote mnasaini.

Angalia namba 3, 5, 6 na 7. Hizo ndo zilikuwa kichwani. Mtu angeambiwa "toa Z, hesabu hela" angezikosa zote na kila jioni hesabu ingegoma.

Tuipitishe na siku moja. Z inasema 3,850,000. Chenji ya kuanzia 100,000. Lipa namba 1,420,000, benki 600,000, mkopo 450,000. Deni la zamani lililolipwa kwa keshi 200,000. Matumizi 35,000 ya kupakua saruji.

Keshi inayotakiwa:

```
  100,000 + 3,850,000 = 3,950,000
- 1,420,000 - 600,000 - 450,000 = 1,480,000
+ 200,000 = 1,680,000
- 35,000 = 1,645,000
```

Mkahesabu droo mkakuta 1,625,000. Imepungua 20,000. Wewe ungeanza kumwangalia keshia kwa jicho baya. Ila ukifungua simu unakuta lipa namba ya leo ni 1,440,000, ile 1,420,000 ilitoka kwenye daftari la keshia, kuna mteja wa misumari alilipa 20,000 kwa simu wakati foleni ni ndefu na haikuandikwa. Ukiweka namba ya simu, keshi inayotakiwa ni 1,625,000, imetimia.

Mfano huo huo uweke nyuma ya karatasi, na kosa lake likiwemo. Mtu anajifunza zaidi kwenye siku iliyogoma ikafumbuliwa kuliko kwenye siku kumi zilizotimia.

Umefanikiwa kama: ukimpa karatasi hiyo muuzaji yule mwingine, ambaye humfundishi, anaweza kukusimulia kazi inaendaje bila kukuuliza maswali zaidi ya mawili.

## Hatua ya 4: Andika mpaka wa maamuzi yake, kwa shilingi

Ukimpa mtu kazi bila kumpa uwezo wa kuamua, atakupigia simu kila jioni na utaishia kuifanya mwenyewe kwa njia ya simu. Ukimpa uwezo wote bila mpaka, siku moja atazika tofauti ya laki mbili kimya kimya kwa kuogopa. Kwahiyo weka ngazi tatu, kwa namba, sio kwa "tumia busara."

- Tofauti mpaka 5,000: anaandika, wanasaini, wanafunga. Hanipigii.
- Zaidi ya 5,000 mpaka 30,000: anatafuta kwa dakika 20 tu, anaandika alipotafuta, anafunga bahasha. Asubuhi ananiletea.
- Zaidi ya 30,000, au mashine imegoma kutoa Z, au kuna mkopo hauna sahihi yangu, au mtu yeyote anaomba hela itoke baada ya kufunga: anapiga simu hapo hapo, hata kama nipo msibani.

Namba zibadilishe kulingana na mauzo yenu. Duka la mauzo ya laki tatu kwa siku haliwezi kuwa na mpaka wa 30,000.

Kwanini dakika 20? Kwasababu mtu mpya akiona hesabu imegoma anaweza kukaa mpaka saa tatu usiku anajumlisha kitu kile kile, kesho yake anakuambia hiyo kazi hapana. Mwekee sehemu ya kuachia.

Na kuna vitu haviondoki kwako hata akiwa bingwa: pini ya kutoa hela, sahihi ya mkopo, ufunguo wa sefu, na kumhoji au kumwadhibu keshia. Akishaanza kumhoji keshia yeye, amekuwa meneja bila mshahara wa meneja, na duka zima litagawanyika.

## Hatua ya 5: Maongezi ya kumkabidhi, na keshia awepo

Usimwambie mlangoni mnatoka. Kaa naye dakika 15 mchana kukiwa kumetulia, na muite keshia pia, maana keshia akisikia juu juu kwamba fulani ndo atahesabu hela zake atajua anatuhumiwa.

Maneno ya kawaida kabisa yanatosha:

"Kaka, kuanzia jumatatu nataka wewe ndo uwe unafunga hesabu za jioni. Nimekuchagua kwasababu vitabu vyako vinasomeka na wewe hushiki hela. Dada, hii haina maana kuna kitu nimeona kwako. Mtu anayepokea hela hatakiwi kuwa anajikagua mwenyewe, hii inakulinda hata wewe siku ikipungua. Wiki ya kwanza tutakuwa wote. Karatasi hii hapa, isome, kesho unieleze wapi hujaelewa."

Mwishoni usimuulize "umeelewa?" Kwetu jibu la swali hilo kwa bosi ni "ndiyo bosi," hata kama hajaelewa hata mstari mmoja. Mwambie akueleze yeye kwa maneno yake: "Nieleze, ukikuta mkopo hauna sahihi yangu unafanyaje?"

Onyo: usiseme "nisaidie kidogo kufunga hesabu." Msaada mtu anauacha anapochoka. Sema ni kazi yake kuanzia tarehe fulani.

## Hatua ya 6: Wiki nne, na mikono yako inakaa wapi

Wiki ya 1. Jumatatu na jumanne unafanya wewe anaangalia, ila unaongea kwa sauti kila unachokifikiria. Kuanzia jumatano anashika kalkuleta yeye, wewe umekaa pembeni na karatasi.

Wiki ya 2. Anafanya peke yake mwanzo mpaka mwisho, wewe upo chumbani ila huongei mpaka amalize. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Utamwona amekosea mstari wa 4 na ulimi utakuwasha. Mwache. Akifika mstari wa 10 tofauti itatokea, atarudi nyuma kuitafuta, na akiipata mwenyewe hatalirudia kosa hilo. Ukimwambia mstari wa 4, amejifunza kwamba bosi anaona makosa, kwahiyo yeye hana haja ya kuyaangalia.

Kuna sababu moja tu ya kufungua mdomo kabla hajamaliza: anakaribia kufanya kitu kisichorudi nyuma, kama kukabidhi hela kwa mtu au kumruhusu keshia aondoke kabla hawajahesabu pamoja.

Wiki ya 3. Huwepo chumbani. Upo dukani, unafanya mambo yako, anakuletea karatasi imesainiwa na bahasha. Unaangalia mistari mitatu tu, lipa namba, mikopo, na madeni yaliyolipwa.

Wiki ya 4. Anafunga bahasha, anaiweka kwenye sefu kupitia tundu la kudondoshea, unaiona asubuhi. Kama sefu yenu haina tundu basi upo wakati wa kufungia tu, dakika chache.

Kama mwisho wa wiki ya 2 bado hajafunga hata jioni mbili mfululizo bila kusaidiwa, usisogee wiki ya 3. Rudia. Na ukiona kosa ni lile lile kila siku, kabla hujamlaumu angalia karatasi, mara nyingi mstari wenyewe umeandikwa vibaya. "Andika mikopo" mtu anaweza kuandika mikopo yote ya mwezi, sio ya leo.

## Hatua ya 7: Kagua kwa kuchomoa

Kosa la watu makini: wanamwachia mtu kazi, alafu akishaondoka wanaifanya upya yote "kuhakikisha." Hapo mnafanya kazi mara mbili, na siku akigundua anaacha kuhangaika maana anajua utarekebisha.

Badala yake chagua siku mbili kwa wiki, asijue zipi. Siku hiyo:

- Chomoa oda mbili za kwake mwenyewe na oda moja ya mwenzake, zifuatilie kutoka kitabu cha oda mpaka risiti ya EFD mpaka daftari la stoo. Mifuko 20 iliyolipiwa iwe ndo mifuko 20 iliyotoka. Hapa ndo unaziba ule udhaifu wa hatua ya 2.
- Jumlisha lipa namba ya siku hiyo moja kwenye simu.
- Mara moja kwa mwezi fungua bahasha moja mbele yao uhesabu.

Na soma tofauti za wiki nzima kwa mstari mmoja. Pungufu 2,000, zidio 1,500, pungufu 3,000, hizo ni chenji. Lakini zikiwa sifuri, sifuri, sifuri mwezi mzima kwenye duka linalouza kwa keshi, shtuka. Duka lenye wateja wa misumari ya 1,500 na noti za elfu kumi halitimii kila siku, kuna mtu anajazia kutoka mfukoni au anaandika namba ya kupendeza. Mara nyingi sio wizi, ni kuogopa. Na pungufu ndogo ya kila jumamosi ni kitu kingine, hapo angalia nani anakaa kwenye droo wakati keshia anakula.

## Hatua ya 8: Kazi ikirudi kwako, irudishe ilikotoka

Itakuja hivi, siku una haraka:

"Bosi, hesabu imegoma."

Mdomo wako utataka kusema "lete nione." Ukisema hivyo mara tatu, kazi imerudi. Jibu liwe swali:

"Imegoma mstari gani?"

"Wa mwisho, imepungua 18,000."

"Umetafuta wapi?"

"Nimeangalia lipa namba na benki."

"Bado mistari gani?"

"...Matumizi na madeni. Sawa bosi, ngoja."

Hukumpa jibu, ila pia hukumwacha. Akirudi na mistari yote imeangaliwa na bado 18,000 haionekani, basi iko ndani ya ngazi ya pili, anaandika, mnalala, asubuhi mnaangalia pamoja. Hiyo ni kazi iliyofanywa vizuri hata kama tofauti ipo.

Keshia naye atajaribu. Atakufuata wewe moja kwa moja, "bosi jana ile elfu kumi ilikuwa ya vocha ya nauli." Mwambie ampelekee anayefunga hesabu. Ukipokea wewe, umemwambia duka zima kwamba yule pale ni pambo.

## Hatua ya 9: Siku ya kosa kubwa

Itakuja siku, tuseme imepungua 120,000 na hakupiga simu, alitegemea itaonekana asubuhi. Hapa kila mtu dukani anakuangalia.

Tenganisha vitu viwili. Kupungua kwa hela ni swali la droo, uliza kwa keshia, stoo, risiti, kwa utaratibu. Kutokupiga simu ni swali la huyu mtu, na hilo liongee naye peke yake, mlango umefungwa: "Ngazi ya tatu inasema nini? Kwanini hukupiga?" Jibu litakuambia. Kama alisema "niliogopa utafoka," basi tatizo ni jinsi ulivyopokea simu ya mwisho. Kama alisema "nilisahau," bandika ngazi zile ukutani kwa herufi kubwa. Kama alisema "nilitaka kumsitiri dada," hapo una mtu asiyefaa kwa kazi hii, mtoe kwa heshima.

Usikimbilie kusema "mtalipa." Sheria ile ile ya 2004 hairuhusu kumkata mtu mshahara kwa hasara hivi hivi, lazima kosa lionekane kuwa ni lake, apewe nafasi ya kujieleza, na akubali kwa maandishi. Na kiutendaji, siku ukikata mara ya kwanza, kuanzia kesho yake hesabu zote zitatimia kwenye karatasi.

Kazi yenyewe usiichukue siku hiyo. Rudi nyuma wiki moja, yaani kama mlikuwa wiki ya 4 rudini wiki ya 3, mwambie ni kwa muda gani na nini kitamrudisha.

## Hatua ya 10: Usiwepo

Chagua jioni ya kawaida, sio ya mwisho wa wiki, ondoka saa kumi. Usimwage maagizo, usiulize kwenye watsapu saa kumi na mbili "mmefikia wapi." Simu iwe wazi kwa ngazi ya tatu tu.

Asubuhi angalia vitu vinne: ripoti ya Z imebanwa kwenye ukurasa, sahihi mbili zipo, bahasha imefungwa, na tofauti imeandikwa hata kama ni 500. Vikiwepo vyote kwa jioni tano ambazo hukuwepo, kazi sio yako tena.

Mwezi unaofuata huyo huyo amfundishe muuzaji mwenzake, kwa karatasi ile ile, ili akiugua au akienda likizo bahasha isirudi mezani kwako. Wewe zile saa 3 zako zina wadai tayari, anza na lile daftari la madeni ya mafundi, wapigie mwenyewe wale waliopitisha siku 60. Hiyo nayo usimwachie mtu bado, kwasababu anayepiga simu ya deni anaweza kuulizwa "nipunguzie kidogo," na hujaandika mpaka wa punguzo.